UZI: Shemeji kanigomea ubavu wa mbuzi, anasema ile nyeusi ni kansa. Wachoma nyama na wanaojua kemia njooni hapa

PipaNusu
Wakuu heshima kwenu. Mimi nina jiko langu la pipa lililokatwa katikati, fundi wa hapa mtaani Kimara ndo alinichongea, na kila Jumapili tukitoka kanisani nachoma ubavu wa mbuzi kilo 2 na kuku mmoja, familia inakula, majirani wanapita wanaonja, maisha yanaenda. Sasa Jumapili iliyopita alikuja shemeji yangu ambae ni nesi, nikamuwekea sahani safi kabisa, akachukua kisu akaanza kubandua ile nyeusi nyeusi kama anamenya muhogo, mwisho akasukuma sahani akasema "shemeji wewe hutuchomei nyama, unatuchomea kansa". Wote kimya, mke wangu anaangalia chini.

Nilivyozoea mimi makaa yakishika tu naweka nyama, mafuta yanadondoka, moto unaruka juu unaramba nyama vizuri, nageuza mara moja, dakika 25 tayari nje nyeusi ndani laini. Swali langu ni mawili tu. Je ni kweli hiyo nyeusi ina shida au ni zile habari za kwenye makundi ya familia? Na kama ni kweli nabadilisha nini bila kuanza kula nyama ya kuchemsha kama mgonjwa? Nawasilisha.

Mjuaji Mkuu
Shemeji yako yuko sahihi. Hiyo inaitwa akrilamaidi, inatokea chakula kikiungua. Iko kwenye ile nyeusi tu, kwa hiyo kwangua kula endelea na maisha. Uzi ufungwe.

Chalii wa Njiro
Babu yangu kachoma nyama miaka 80 na kafa kwa kuanguka kwenye mti wa parachichi. Tuleteeni sumu ya parachichi basi

Kutu Tupu
Mkuu mimi pia ninalo la pipa, ila ule wavu wangu unashika kutu kila mvua ikinyesha, unapaka nini ili usishike kutu? Nimejaribu oili chafu ya gari ila nyama inanuka

PipaNusu
@Kutu Tupu ndugu yangu OILI CHAFU??? Acha kabisa hiyo kitu. Lakini uzi huu sio wa kutu jamani

Mpishi Mkemia
Ngoja niingie hapa maana nimekaa maabara ya vyakula miaka kadhaa kabla sijahamia jikoni, na hii mada huwa inachanganywa sana.

@Mjuaji Mkuu umegusa lakini umekosea kitu. Akrilamaidi ni habari ya wanga, yaani chipsi, mkate uliobabuka, kahawa iliyokaangwa. Kwenye nyama tatizo ni jingine na ni makundi mawili tofauti, ndo maana dawa yake pia ni tofauti, ukitibu moja la pili linabaki palepale.

La kwanza linazaliwa ndani ya nyama yenyewe. Msuli wa mnyama, ndege au samaki una kitu kinaitwa kreatini (hiyohiyo wanayouza kwenye makopo jimu), una na protini na sukari kidogo. Nyama ikiwa na majimaji juu haipandi sana zaidi ya nyuzi 100 maana joto lote linaishia kukausha maji. Ila ikishakauka, ule uso wake unaanza kupanda, ukifika kama nyuzi 150 hivi hivyo vitu vitatu vinaanza kuungana vinatengeneza kemikali wanazoziita HCA, na ukivuka 200 ndo zinazaliwa kwa kasi. Huhitaji moshi wala makaa, hata kwenye kikaango kikavu cha moto mkali utazipata.

La pili halitoki kwenye nyama, linatoka chini. Mafuta yanadondoka kwenye kaa jekundu ambalo lina joto la nyuzi 600 na zaidi, yanaungua nusunusu, yanarudi juu kama moshi na masizi yanaganda kwenye nyama. Ndani ya huo moshi ndo kuna PAH, na maarufu wao anaitwa benzopairini, yuleyule aliyeko kwenye moshi wa sigara. Sasa PipaNusu soma tena ulichoandika, "mafuta yanadondoka moto unaruka juu unaramba nyama vizuri". Hapo unayapata makundi yote mawili kwa mpigo, na umegeuza mara moja tu kwa hiyo upande mmoja umekaa kwenye mwali dakika kumi na kitu bila kupumzika.

Kamau Ubavu
Mimi niko Nairobi, na hapa nyama choma ya kweli haina moto wa kuruka. Ukienda kwa buchari unachagua mbavu yako inapimwa, wanaweka chumvi tu, inapanda kwa jiko juu mbali na makaa, unaambiwa ungoje saa nzima ama zaidi, unakunywa soda. Mtu akikuletea nyama baada ya dakika 25 hiyo si choma, hiyo ni ajali ya moto 😂

PipaNusu
Kamau hiyo ya ajali ya moto imeniuma ila sawa.
@Mpishi Mkemia umenifungua macho. Lakini mbona Mjuaji anasema kwangua tu? Nikikwangua inaisha?

Mpishi Mkemia
Kukwangua kunasaidia, hata nesi wako hakukosea kutumia kisu. Masizi ya moshi yapo juujuu na ile nyeusi ndo imebeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine. Ila zile HCA zipo pia kwenye ile kahawia tamu tunayoipenda wote, kidogo zaidi, kwa hiyo ukikwangua umepunguza hujamaliza. Mimi sijawahi kumwambia mtu aache kahawia, nisingeila nyama tena. Ninachosema kahawia sawa, nyeusi hapana.

Mjuaji Mkuu
Sawa nakubali akrilamaidi nilichanganya, nilikuwa nimeisoma kwenye habari ya chipsi. Lakini kuku je? Si nyama nyeupe haina hiyo shida? Ndo maana mimi nilihamia kuku.

Mpishi Mkemia
Bahati mbaya mkuu. Kuku ana msuli kama mbuzi, na kidari cha kuku kisicho na ngozi kikichomwa mpaka kikakauka kabisa ni miongoni mwa vyakula vilivyopimwa vikakutwa na HCA nyingi sana, hasa ile inayoitwa PhIP. Samaki vilevile. Tena hadithi yote hii ilianza kwa samaki, miaka ya 1970 kule Tokyo, mtafiti Takashi Sugimura na wenzake walichukua moshi wa samaki wa kuchoma na ile ngozi iliyoungua wakavijaribu kwenye bakteria, wakaona bakteria wanabadilika jeni kupita kiasi ambacho benzopairini peke yake ingeweza kuelezea. Wakatafuta kilichobaki ndo wakazikuta hizi HCA. Kwa hiyo rangi ya nyama haikuokoi.

Ole Monduli
Nimesoma nimecheka. Sisi Wamasai tunaishi kwa nyama, vijana wanaingia orpul porini wanachinja wanakula nyama wiki nzima wanarudi wananawiri. Hao wazungu na Wajapani wapime na sisi.

Mpishi Mkemia
Ole nimefurahi umekuja, na naomba uwaeleze watu mnavyochoma mkiwa orpul maana nahisi jibu la uzi huu mnalo nyie.

Ole Monduli
Tunakata fito mbichi, tunachonga ncha, nyama inachomekwa nzima nzima mapande makubwa. Moto unawashwa katikati, fito zinasimikwa ardhini kuzunguka moto zimeinama kidogo. Nyama haikai JUU ya moto, inakaa PEMBENI inaelekea moto. Ukiona upande mmoja umeiva unazungusha fito. Mafuta yanadondoka kwenye udongo au yanateremka na fito. Halafu supu inachemshwa kivyake na magome ya miti, olkiloriti na mingine, chungu hiyo usipime.

Mpishi Mkemia
Mmeona? Mafuta yanadondoka kwenye udongo. Hakuna mwali unaoramba nyama, hakuna moshi wa mafuta unaopanda moja kwa moja, pande ni kubwa kwa hiyo uso wake ni mdogo ukilinganisha na uzito, na inazungushwa. Sisi wa mjini tumechukua nyama tukaacha fito. Pipa linalaza nyama juu kabisa ya kaa na hapo ndo tulipoharibu.

Chalii wa Njiro
Kwa hiyo babu alikuwa sawa na parachichi lilikuwa na makosa. Endelea mwalimu

Bi Mishkaki
Asalaam aleikum wanangu. Mimi niko Tanga nauza mishkaki mwaka wa 14 huu. Nasoma habari zenu naona mnaongelea mbuzi tu. Mishkaki yangu ni nyama ya ng'ombe steki isiyo na mafuta, natia papai bichi lililosagwa, kitunguu thomu, tangawizi, ndimu na pilipili, inalala saa 3 mpaka 4, si usiku kucha maana papai likizidi nyama inakuwa uji. Naichoma dakika 8 hivi nageuzageuza. Je hiyo nayo ina shida? Na kuna mteja kaniomba niipake asali iwe inang'aa kama aliyoila hotelini.

Mpishi Mkemia
Waaleikum salaam Bi mkubwa. Wewe bila kwenda darasani umeshafanya karibu kila kitu. Steki haina mafuta ya kudondoka kwa hiyo moshi ni mdogo. Vile viungo, hasa thomu, tangawizi na ndimu, vimejaribiwa sana na mara nyingi nyama iliyolazwa kwenye viungo vya namna hiyo inatoka na HCA pungufu kuliko iliyochomwa kavu. Papai linalainisha, nyama inaiva haraka inakaa motoni muda mfupi. Na unageuzageuza, hapo kila upande unapata nafasi ya kupoa kidogo, uso wake haupandi mpaka kule juu.

Asali nakuomba usitie mwanzoni. Sukari ni mojawapo ya vile vitu vitatu nilivyovitaja na pia inaungua haraka, unajikuta una kijiti cheusi cha kung'aa. Sosi za chupa zenye sukari nyingi ni hivyohivyo, kuna vipimo vilivyoonyesha baadhi ya HCA zinaongezeka badala ya kupungua. Kama mteja ameng'ang'ania mpakie ikishaiva, ukiwa umeshaitoa kwenye kaa kali.

Bi Mishkaki
Ahsante mwanangu. Asali atapakiwa akiwa na sahani mkononi.

Kamau Ubavu
Hapo kwa ndimu mimi sikubaliani. Nyama na chumvi basi. Ukiweka ndimu na tangawizi na sijui nini hiyo si mbuzi tena, unakula shamba ya mboga.

Bi Mishkaki
Kamau mwanangu njoo Tanga nikulishe bure halafu useme tena.

Mpishi Mkemia
Kamau kwa chumvi tupu na moto wa mbali unaoungoja saa nzima unafika karibu na pale anapofika Bi Mishkaki kwa viungo. Kitu kisichofaa ni chumvi tupu NA moto wa PipaNusu 😂

PipaNusu
Naona leo nimekuwa mfano wa darasa. Haya mwalimu nipe utaratibu, nina hilohilo pipa, wavu mmoja, makaa ya gunia, ubavu kilo 2. Nifanyeje Jumapili? Halafu zile kemikali unazosema zina uhakika gani kwa binadamu maana nikimwambia mke nimebadilisha mapishi ataniuliza kwa nini.

Mpishi Mkemia
Naanza na la pili maana ni fupi na si la kutisha watu. Kwa wanyama wa maabara zinaleta kansa, ila wale walipewa dozi kubwa mno, mara maelfu ya unayokula wewe Jumapili. Kwa binadamu tafiti zimegawanyika, ni vigumu sana kujua mtu alikula nyama nyeusi kiasi gani kwa miaka 20. Shirika la utafiti wa kansa la WHO mwaka 2015 liliweka nyama ya kusindika kama soseji kwenye kundi la vitu vilivyothibitika, na nyama nyekundu kwenye kundi la "huenda", na benzopairini yenyewe ilishawekwa kwenye vilivyothibitika. Kundi linaelezea uhakika wa ushahidi, halisemi ukubwa wa hatari, kwa hiyo asije mtu hapa akasema mbuzi ni sawa na sigara. Mwambie mke hivi, kupunguza ni rahisi na nyama inatoka tamu zaidi, kwa nini usipunguze.

Sasa pipa lako. Washa makaa upande MMOJA tu wa pipa, upande wa pili acha wazi. Usiwashe kwa mfuko wa plastiki wala mafuta ya taa, tumia karatasi na vijiti vikavu, plastiki inakuletea moshi mwingine kabisa ambao hatujaanza hata kuujadili. Kisha subiri. Hapa ndo watu wengi tunakosea, kaa likiwa bado linatoa moshi mweupe mzito maana yake kuna kuni ndani yake ambayo haijaiva kuwa mkaa. Ngoja mpaka moshi ukatike na kaa livae majivu ya kijivu, mara nyingi ni dakika 25 mpaka 30.

Wakati unangoja, ubavu uwe jikoni kwenye sufuria, maji kidogo, chumvi, tangawizi, chemsha kama dakika 20. Najua umesema hutaki nyama ya mgonjwa, huu ni mchemsho wa nusu tu. Unafanya kazi mbili, sehemu ya mafuta inatoka kabla haijafika kwenye kaa, na sehemu ya ile kreatini inatoka na maji. Marekani walijaribu kitu kama hicho kwa nyama ya kusaga, wakaiweka kwenye maikrowevu dakika mbili tu wakamwaga ule mchuzi kisha wakaikaanga, HCA zikashuka mpaka asilimia 90.

Ukitoa nyama ipake thomu na ndimu, ilaze upande usio na makaa. Chini yake, ndani ya pipa, weka sinia kuukuu lenye maji kidogo lipokee mafuta. Funika na bati ukiacha tundu la hewa. Geuza kila dakika kama 10. Baada ya dakika 40 hivi ihamishie upande wa makaa kwa dakika 2 au 3 kila upande uku umeshika koleo mkononi, hapo unatafuta rangi tu. Mwali ukiruka, usimwagie maji, HAMISHA NYAMA.

Mjuaji Mkuu
Hapo kwenye maji. Kila sehemu ninayokula jamaa anakuwa na chupa ya maji imetobolewa kifuniko, moto ukiruka ananyunyiza. Sasa hao wote hawajui?

Mpishi Mkemia
Wanajua kuzima moto. Ila maji yakigusa kaa na mafuta yanayowaka unapata mvuke umebeba majivu na masizi unapanda wapi? Kwenye nyama. Mwali ukizima vile, mafuta yanaendelea kutoa moshi bila kuwaka, na moshi huo ndo mbaya. Ukihamisha nyama, mafuta yaliyokwisha dondoka yanaungua yanaisha yenyewe ndani ya dakika moja.

Nesi wa Zamu
Nauliza kitu. Kama ile kreatini inatoka na maji, basi ile supu tunayokunywa ndo imebeba sumu? Maana kwetu ukichemsha mbuzi supu haimwagwi, utapigwa.

Mpishi Mkemia
Swali zuri sana hili. Hapana. Kreatini yenyewe sio sumu, ni malighafi tu, na supu haivuki nyuzi 100 hata ikichemka siku nzima kwa hiyo HCA hazipati joto la kuzaliwa, labda alama tu. Kunywa supu yako. Kitu cha kuangalia ni yale mabaki ya kahawia yanayoganda kwenye kikaango baada ya kukaanga nyama kwa moto mkali, watu wanatia maji wanafanya mchuzi mzito, hapo ndo zimejikusanya.

PipaNusu
Nesi wa Zamu... usije ukawa wewe ni shemeji??

Nesi wa Zamu
Manesi tuko wengi kaka 😂

PipaNusu
WAKUU NIMERUDI. Mrejesho wa Jumapili naueleza kama ulivyokuwa bila kuficha.

Makaa nilisukumia upande wa kulia, nikawasha kwa karatasi za daftari za mtoto (za mwaka jana jamani msinianze). Kweli nilivyozoea mimi ningeweka nyama dakika ya 10, nikajizuia, ile moshi nyeupe ilikatika kama dakika ya 28. Ubavu nilichemsha dakika 20, supu nikaiweka pembeni, juu ilikuwa na mafuta ya unene wa kidole. Nikakaa nikayaangalia yale mafuta nikasema kumbe hii yote ndo ilikuwaga inaenda kwenye moto.

Nikalaza upande wa kushoto, sinia chini, bati juu. Shida ya kwanza, bati halikuwa na tundu nikalifunika lote, makaa yakaanza kufa, dakika 20 nyama haijabadilika hata rangi. Mke akaniuliza kama tunakula leo au kesho. Nikaliinua bati kwa jiwe upande mmoja moto ukarudi. Shida ya pili sinia lilikauka maji bila mimi kujua, mafuta yakaanza kukaangika mle ndani yakatoa moshi, nikaongeza maji.

Dakika 50 badala ya 40 nikaihamisha kwenye makaa, mwali uliruka mara mbili tu, nikahamisha nyama kama ulivyosema ukaisha wenyewe. Nilikata karibu na mfupa kuangalia, majimaji yalitoka meupe, hakuna damu. Rangi kahawia, pembeni kwenye ncha za mbavu ndo kulikuwa na weusi kidogo nikakata nikampa mbwa, sijui kama na yeye nimemkosea.

Ila KUKU. Kuku sikumchemsha, nikamuweka na ngozi yake moja kwa moja kwenye makaa nikijua nitamwangalia, nikaenda kupokea simu. Nimerudi anawaka kama mwenge wa uhuru. Ngozi yote mkaa. Nikamvua ngozi tukala ndani. Shemeji alikuwepo, alikula mbuzi vipande vinne, kuku hakumgusa, na hakusema neno.

Kamau Ubavu
Saa nzima na dakika! Karibu kwa nyama choma ndugu yangu.

Mpishi Mkemia
Safi sana mkuu, na hilo la sinia kukauka sikulisema, kosa langu. Weka maji ya kutosha au funika sinia na mchanga. Kuku ngozi ndo ghala lake la mafuta, anza naye upande usio na makaa ngozi ikiangalia juu, akishaiva ndo umgeuze ngozi chini dakika moja na usiondoke hapo. Simu ipigiwe mtu mwingine.

Kutu Tupu
Na wavu jamani? Mimi bado nasubiri

Bi Mishkaki
Wewe mwenye kutu, ukimaliza kuchoma wavu ukiwa bado wa moto usugue na nusu ya kitunguu maji umechomeka kwenye uma, kisha upake mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa uuweke pakavu. Mafuta ya jana yaliyoganda kwenye wavu nayo yanaungua upya kwenye nyama ya leo. Na usisugue na brashi ya waya iliyochakaa, nyuzi zake zinakatika zinabaki kwenye nyama, mteja wangu mmoja kamwe hasahau.

Kutu Tupu
🙏🙏 oili nimemwaga

Mchoma wa Usiku
Nimewasoma toka mwanzo. Mimi nachoma kwenye baa, naingia saa 10 jioni natoka saa 8 usiku, siku 6 kwa wiki. Mnaongelea mnaokula mara moja Jumapili. Mimi ule moshi naupumua masaa 10 kila siku ya kazi, natema kohozi jeusi asubuhi. Hizo PAH si ndo hizohizo?

Mpishi Mkemia
Ndo hizohizo ndugu, na kwa kweli wewe una haki ya kuuliza kuliko sisi wote. Wewe zinaingia kwa pua na hata kwa ngozi, sio kwa tumbo. Barakoa ya kitambaa haizuii hizo chembe, ni ndogo mno. Kinachosaidia ni kupunguza moshi wenyewe kwa hayo tuliyosema, kata mafuta ya pembeni kabla hujaweka nyama, chemsha nusu kama bosi anakubali, kaa liive kwanza. Pili simama upande upepo unakotokea na jiko liwe na bomba la bati juu la kuvuta moshi, sio chini ya paa lililofunga. Na hilo kohozi jeusi usilizoee, nenda hospitali wakupime kifua.

Mchoma wa Usiku
Bosi hataki kuchemsha, anasema wateja wanataka waone moto ukiruka ndo wanajua nyama inachomwa. Bomba la bati nitamuomba. Fundi wa pipa wa Kimara anachonga na mabomba?

PipaNusu
Anachonga, nakutumia namba inboksi. Mwambie akuwekee na wavu wa kupanda na kushuka, mimi langu halina ndo maana naweka jiwe.